Mikono ndiyo iliyowatembelea wote wawili
Barua ya msimamizi wa kliniki kwa wafanyakazi wake kuhusu usafi wa mikono

MGONJWA anayelazwa kwa sababu ya homa ya mapafu hatarajii kutoka hospitalini akiwa na usaha mkononi, pale alipodungwa dripu. Hata hivyo mambo kama hayo hutokea, na mara nyingi hakuna anayejishughulisha kuuliza viini hivyo vilitoka wapi.

Katika kliniki moja ya kibinafsi yenye vitanda vinane, msimamizi ambaye ni muuguzi wa miaka mingi aliamua kukifuatilia kisa kimoja cha namna hiyo hatua kwa hatua. Kisha akawaandikia wafanyakazi wake barua. Ametukubalia kuichapisha kwa sharti kwamba majina ya wagonjwa, ya wafanyakazi na ya kliniki yenyewe yasitajwe. Tumeifupisha hapa na pale.

*Kwa wauguzi, matabibu, mhudumu wa maabara na wahudumu wa usafi*

Wenzangu,

Nyote mnafahamu yaliyompata mama wa kitanda nambari 5. Aliletwa akiwa na homa ya mapafu, akawekewa dripu mkono wa kushoto, na kufikia siku ya tatu alikuwa ameanza kula na kuzungumza na watoto wake kwa simu. Siku ya tano mahali pa dripu palikuwa pamevimba, pekundu na pa moto, na homa ilikuwa imerudi hadi nyuzi 39. Tulilazimika kumhamishia hospitali ya kaunti.

Maabara ya huko iliotesha usaha wake pamoja na damu yake, ikapata bakteria wa aina ya stafilokokasi. Wiki iyo hiyo tulikuwa tumetuma usaha wa kijana wa kitanda nambari 2, yule aliyeanguka na bodaboda na kupata kidonda cha mguu ambacho kilikuwa hakiponi. Majibu yote mawili yalipofika niliyaweka mezani kando kwa kando. Bakteria ni wa jina moja, wanauawa na dawa zile zile, na dawa zinazowashinda ni zile zile pia.

Huo si ushahidi wa mwisho. Bakteria wa watu wawili wanaweza kufanana hivyo bila kuwa wa ukoo mmoja, na kipimo cha kuthibitisha undugu wao, ambacho husoma vinasaba, si kipimo cha kliniki kama yetu. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyo. Vitanda hivyo viwili viko pande mbili za chumba. Kijana hawezi kutembea na mama alikuwa hatoki kitandani. Hawakuwahi kushikana mkono wala kutumia kikombe kimoja. Bakteria hawana miguu wala mabawa. Ikiwa ni wale wale, basi kuna kitu kilichowatembelea wagonjwa wote wawili, na kitu hicho ni mikono yetu.

Sitafuti wa kulaumu. Nimepitia faili na zamu za siku zile, na nikaketi chumbani asubuhi mbili nikitazama kazi inavyokwenda. Nitawaeleza nilivyoona safari yenyewe inavyowezekana.

*Safari ya dakika kumi*

Mnakumbuka kutoka chuoni kwamba katika ngozi ya mikono kuna bakteria wa makundi mawili. Kuna wenyeji, ambao wanaishi ndani ya mikunjo ya ngozi maisha yetu yote, na kwa kawaida hawamdhuru mtu. Hao hata ukinawa hawaishi. Kisha kuna wapita njia, tunaowaokota kwa kugusa. Wao hukaa juu juu tu, na ndiyo maana ni rahisi kuwaondoa, na ni rahisi vilevile kuwaacha kwa mtu mwingine. Katika barua hii nawazungumzia hao wapita njia.

Asubuhi muuguzi anaanza na kitanda nambari 2. Hafungui kidonda, bendeji itabadilishwa baadaye. Anampima kijana joto na presha, anamsaidia kuketi, anamnyooshea shuka. Kila mmoja wetu angesema kwamba hajagusa kitu kichafu. Lakini ngozi ya binadamu hupukutika daima. Mtu mmoja huangusha vipande vya ngozi visivyoonekana vyenye bakteria hai karibu milioni moja kila siku. Vipande vya mgonjwa mwenye kidonda cha usaha vimebeba bakteria wa kidonda hicho, navyo vimetapakaa kwenye shuka, kwenye vyuma vya kitanda, kwenye kimeza cha dawa na kwenye mkono wake ule ule tuliofunga mkanda wa presha. Muuguzi anapomwacha, vidole vyake tayari vina abiria.

Bakteria hao hawafi papo hapo. Wanaweza kuishi mikononi kwa dakika kadhaa, wengine kwa saa moja na zaidi. Muuguzi anaandika kwenye faili, anaitwa mlangoni, anafungua kabati ya dawa. Hiyo ndiyo nafasi ya kusafisha mikono, na asubuhi zote mbili nilizotazama, hiyo ndiyo nafasi iliyopita bila mtu kuikumbuka. Si kwa uzembe. Mikono ilionekana safi, sinki iko mwisho wa ukumbi, na mfereji wenyewe ulikuwa mkavu.

Kisha mtu anaita kutoka kitanda nambari 5 kwamba dripu imesimama. Muuguzi anakwenda mbio, anachomoa mpira pale unapoungana na sindano ya plastiki iliyo ndani ya mshipa, anapitisha maji ya chumvi kwa bomba ili kuzibua, na kurudisha mpira. Kazi ya nusu dakika, na imefanywa vizuri. Lakini sindano ile ni mlango uliofunguliwa moja kwa moja hadi kwenye damu. Vidole vilivyoshika mdomo wa mpira vimeuacha mzigo wao pale pale, na maji ya chumvi yakausukuma ndani.

Nataka mtambue kwamba katika safari hiyo nzima hakuna aliyegusa usaha. Tumezoea kuuogopa uchafu tunaouona, na kwa kweli tukiugusa tunanawa mara moja. Bakteria waliomfikia mama huyu yawezekana sana walitoka kwenye shuka na kwenye mkanda wa presha.

*Yaliyotokea Viena mwaka wa 1847*

Wengi wenu mmesikia habari za Ignaz Semmelweis, yule daktari wa hospitali ya Viena aliyewaamuru madaktari na wanafunzi wao wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika akina mama waliokuwa wakijifungua. Wanafunzi hao walikuwa wakitoka moja kwa moja kwenye chumba cha kupasulia maiti. Mnamo Aprili 1847 zaidi ya akina mama 18 katika kila 100 walikufa katika wodi yake. Amri ilitolewa katikati ya Mei, na kufikia Julai waliokufa hawakufika wawili katika kila 100.

Sehemu ambayo haisimuliwi sana ni ya Oktoba mwaka huo huo. Alilazwa mama mwenye saratani ya kizazi iliyokuwa ikitoa majimaji, akapewa kitanda ambacho madaktari walianzia ukaguzi wao. Kwa kuwa mikono ilikuwa imekwisha kuoshwa kwa klorini mlangoni, walipotoka kwake walinawa kwa sabuni tu wakaendelea na wengine. Kati ya akina mama 12 waliokuwa wakijifungua wakati huo, 11 walikufa. Semmelweis akaelewa kwamba sumu aliyoipiga vita haikutoka kwa maiti peke yao, bali hata kwa mgonjwa aliye hai, na akaagiza mikono ioshwe kwa klorini baina ya mgonjwa na mgonjwa.

Sisi bado tuna desturi ya kunawa tunapoingia zamu, kana kwamba mlango wa kliniki ndio mpaka. Mpaka uko kitandani. Kila mgonjwa pamoja na shuka yake, kimeza chake na vyuma vya kitanda chake ni kama boma moja. Ukiingia bomani humo unasafisha mikono, na ukitoka unasafisha mikono.

*Kabla na baada*

Shirika la Afya Duniani lilitaja mwaka wa 2009 nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kugusa dripu au kidonda, baada ya kuhofia kwamba umeguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka hata kama yeye mwenyewe hukumgusa.

Zipitieni mara ya pili mtaona kwamba mbili ni za "kabla" na tatu ni za "baada". Za baada hutulinda sisi na wagonjwa wanaofuata. Za kabla humlinda mgonjwa aliye mbele yetu. Nilipoketi chumbani niliona kwamba za baada tunazikumbuka, hasa tukitoka kwa mtu mwenye kidonda au anayehara. Za kabla ndizo zinazotuponyoka. Tunanawa tunapojihurumia.

Ile ya pili ndiyo ninayoisisitiza zaidi, yaani kabla ya kugusa dripu, mpira wa mkojo, kidonda au kitovu cha mtoto mchanga. Hata kama umesafisha mikono ulipokaribia kitanda, ukishampima mgonjwa presha na kushika shuka yake, safisha tena kabla ya kufungua dripu. Bakteria waliokuwa salama kwenye ngozi ya mama yule yule wanaweza kumuua wakiingia kwenye damu yake.

Siku ile ile kitanda nambari 7 kilikuwa na mama na mtoto wa siku moja. Kwa mujibu wa faili, muuguzi aliyezibua dripu ndiye aliyekagua kitovu. Mtoto hakuugua, na aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mzima. Lakini nawakumbusha utafiti wa Kilifi uliotolewa katika jarida la udaktari la Lancet mwaka wa 2011. Watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya ya huko kati ya mwaka wa 2002 na 2009. Watoto walioambukizwa bakteria wa damu wakiwa wodini hawakuwa wengi, takriban sita katika kila 1,000 waliolazwa. Lakini kati ya hao zaidi ya nusu walikufa, ilhali miongoni mwa wale waliofika hospitalini wakiwa tayari na bakteria kwenye damu, aliyekufa alikuwa mmoja katika kila wanne. Viini vya wodini huwa vimekwisha kuzoea dawa zetu, na huwakuta watoto ambao tayari ni wadhaifu.

*Glavu na taulo*

Kuna wanaoniambia kwamba wao huvaa glavu. Glavu zina kazi yake, nayo ni kutukinga na damu na majimaji. Lakini glavu iliyogusa kitanda nambari 2 ikagusa kitanda nambari 5 imebeba bakteria sawasawa na kidole kitupu, na pengine ni mbaya zaidi, kwa sababu aliyeivaa hahisi uchafu na hakumbuki kuivua. Isitoshe, glavu huwa na vitundu visivyoonekana, na wakati wa kuivua upande wa nje hugusa kiganja. Kwa hivyo glavu moja ni kwa mgonjwa mmoja, na ukiivua safisha mikono.

Taulo iliyoning'inia kando ya sinki nimeiondoa. Mkono wenye maji maji hupokea na kuacha bakteria kwa urahisi kuliko mkono mkavu, na sisi sote tulikuwa tukijifutia kitambaa kimoja chenye unyevu tangu asubuhi hadi jioni. Nimenunua vitambaa vidogo vya pamba. Kila kimoja kitatumiwa mara moja na kutupwa kwenye ndoo ya kufuliwa. Sabuni ya kipande itakuwa vipande vidogo kwenye kisahani chenye matundu, maana sabuni inayolala kwenye maji huotesha bakteria. Na chupa ya sabuni ya maji isiongezwe juu ya iliyobaki. Imalizwe, ioshwe, ikaushwe, ndipo ijazwe.

*Chupa kwenye kila kitanda*

Tatizo la mfereji mkavu siwezi kulitatua kwa barua. Tumeweka ndoo mbili zenye mfereji, lakini nakubali kwamba hakuna anayeweza kutembea hadi sinki baina ya kila mgonjwa na mwenzake, kwani kunawa kikamilifu kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60 mbali na safari. Kwa hivyo kuanzia Jumatatu kila kitanda kitakuwa na chupa ya dawa ya alkoholi. Hii hufanya kazi kwa sekunde 20 hadi 30 na haihitaji maji wala kitambaa.

Jaza kiganja, matone mawili hayatoshi. Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kisha vidole gumba na ncha za vidole, ambazo ndizo tunazozisahau na ndizo zinazogusa dripu. Endelea hadi ikauke yenyewe. Ukiipangusa kwa koti kabla haijakauka umeondoa dawa na kuacha bakteria. Pete na saa za mkono zibaki kabatini, na kucha ziwe fupi, kwa maana alkoholi haifiki chini yake.

Mfamasia wetu ataichanganya mwenyewe kwa maelezo yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani. Ili kupata lita 10 anahitaji mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini ya asilimia 98, na maji yaliyochemshwa yakapoa ya kujazia hadi lita 10. Halafu huachwa saa 72 kabla ya kutumiwa, ili mbegu ngumu za bakteria zilizokuwa ndani ya chupa au alkoholi ziuawe. Mtu asiongeze maji ili dawa idumu. Ikipungua nguvu chini ya asilimia 60 haiaminiki tena. Na kwa kuwa inawaka kama petroli, isiwekwe karibu na jiko.

Gliserini imo kwa ajili ya ngozi zetu. Mikono iliyopasuka huficha bakteria wengi na haiwezi kusafishwa vizuri. Anayeona mikono yake inachubuka anieleze mapema. Tena asiwe na desturi ya kunawa kwa sabuni kisha kupaka alkoholi papo hapo, kwani hilo huikausha ngozi bila faida.

Alkoholi ina mipaka. Mikono ikiwa na damu, usaha au uchafu unaoonekana, maji na sabuni ndiyo dawa, kwa sababu alkoholi haipenyi uchafu. Hali kadhalika baada ya kumhudumia anayehara: baadhi ya viini vya kuhara, hasa bakteria wanaojifungia katika mbegu, alkoholi haiwaui. Lazima wasuguliwe na kumwagwa na maji.

Mikanda ya presha na vipima joto vitapanguswa kwa spiriti baina ya wagonjwa. Naam, najua hilo ni kazi zaidi.

Wenu,
Msimamizi

*Kwa wagonjwa na wageni wao*

Hapo ndipo barua ilipokomea. Nimeongeza machache kwa ajili ya wasomaji ambao si wauguzi, maana nao wana mikono.

Ukilazwa ukiwa na dripu, tazama mahali ilipoingia kila asubuhi. Maumivu yanayozidi, wekundu, ugumu kando ya mshipa au joto la ghafla ni mambo ya kumwambia muuguzi saa ile ile, si kesho yake. Mara nyingi kuiondoa sindano mapema hulimaliza tatizo kabla halijafika kwenye damu. Muuguzi akikaribia kuigusa, si utovu wa adabu kusema, "Samahani sista, naomba upake dawa mikononi kwanza." Msimamizi huyu ameniambia kwamba ameagiza mgonjwa anayesema hivyo ashukuriwe.

Wageni nao hupitisha viini. Jamaa anayemtembelea mgonjwa mmoja huketi kwenye kitanda cha jirani, hushika mkono wa mzee wa kitanda cha tatu kwa kumwombea dua, kisha humbeba mtoto wa mama wa mwisho. Amefanya kwa wema, lakini amepita kwenye maboma manne bila kusafisha mikono hata mara moja. Chupa zile ni zake pia.

Niliitembelea kliniki hiyo majuma machache baada ya barua kutolewa. Kila Ijumaa msimamizi huzipima chupa zote kwa rula ili kujua ni kiasi gani kimetumiwa kwenye kila kitanda. Mama wa kitanda nambari 5 alikuwa amerudi nyumbani, ingawa vidole vya mkono wa kushoto bado vilikuwa havikunjiki vizuri. Kijana wa bodaboda alikuwa angali pale na chupa yake ilikuwa tupu. Kwenye kitanda nambari 7 alikuwapo mtoto mwingine mchanga, na chupa ya kitanda hicho ilikuwa imepungua kwa upana wa kidole kimoja tu. Msimamizi aliishika akaitazama kwa muda, kisha akaenda kumwita muuguzi wa zamu.